Rekodi zililingana, mali haikulingana

Meneja ambaye mradi wake umekufa akiketi kuandika ripoti ya mafunzo yaliyotokana nao, mara nyingi anajikuta kwenye moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kumtafuta mtu: nani hakukagua, nani alichelewa, nani alisema ndiyo wakati jibu lilikuwa hapana. Ya pili ni kujitwika yote: "Mimi ndiye kiongozi, lawama zote ni zangu." Hii ya pili hupigiwa makofi, na walioisoma huondoka wakisema bosi wao ni muungwana. Mimi naiona ina kasoro ileile ya ya kwanza. Ukishaisoma hujui bado ni kitu gani kilivunjika, wala kwa nini watu wenye akili timamu walikipita kila siku bila kukiona. Mkosaji amebadilika tu jina.

Nimesimamia mradi uliofeli na nimeandika ripoti yake. Nitaueleza hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu suala la kusema kweli bila kumchafua mwenzako halieleweki likizungumzwa juujuu. Linaeleweka pale unapokuwa na sentensi mbili mezani na lazima uchague moja.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa: kuachana na mfumo wa zamani wa kutunza hesabu za ghala na kuhamia mfumo mpya. Mfumo mpya ungepokea oda za wateja, kupunguza akiba kila mzigo unapotoka, na kuagiza wenyewe bidhaa inapokaribia kwisha. Kazi ngumu ilikuwa kuhamisha data. Katika mfumo wa zamani kila bidhaa ilikuwa na jina, sehemu ya kuandika idadi, na sehemu ndefu ya maelezo ambayo mtu angeweza kuandika chochote. Haukuwa na mahali rasmi pa kuonyesha kama idadi ile ni ya katoni au ya kipande kimoja kimoja. Watunza ghala walilitatua tatizo hilo miaka mingi kabla yetu: waliandika kwenye maelezo "CTN/24", yaani katoni ya vipande 24, na mengine waliyaweka kichwani.

Mfumo mpya ulidai kizio, yaani kipimo cha kuhesabia, kwa kila bidhaa; bila hicho haupokei rekodi. Kwa hiyo tulipohamisha, kila kundi la bidhaa lilipewa kizio cha kuanzia. Makundi mengi yalipewa kipande, machache katoni. Ndani ya kundi moja, hata hivyo, wengine walikuwa wakihesabu hivi na wengine vile.

Kigezo cha kukubali data kilikuwa kimoja: idadi ya rekodi zilizotoka zilingane na idadi ya rekodi zilizoingia. Zililingana. Zililingana katika jaribio la kwanza, la pili na la mwisho, hadi rekodi moja. Kwenye ripoti ya kila wiki sehemu ya data ilipakwa rangi ya kijani na ikabaki kijani hadi siku tuliyowasha mfumo.

Tuliwasha mwishoni mwa juma. Asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi, bidhaa zilizojaa rafu hadi juu zilisomeka kuwa zinakaribia kwisha, na mfumo ukaanza kutoa oda za ununuzi wa vitu tulivyokuwa navyo tele. Bidhaa nyingine zilisomeka kuwa nyingi kupita uwezo wa jengo lenyewe. Oda za wateja zikakataliwa huku mzigo umelala hatua chache kutoka mlangoni. Tulipoamua kurudi kwenye mfumo wa zamani tayari mizigo ilikuwa imetoka na mingine kupokelewa ndani ya mfumo mpya, na mpango wetu wa kurudi nyuma ulikuwa umeandikwa kwa hali moja tu: kabla ya kufungua milango. Yote yaliyofanyika baada ya hapo yalilazimika kuingizwa upya kwa mkono, karatasi baada ya karatasi. Mradi haukupona. Bajeti ya kurudia zoezi haikuwepo, na uongozi ukausitisha.

Sasa tuje kwenye sentensi mbili. Rasimu ya kwanza ya ripoti ilikuwa na hii: "Timu ya data haikukagua vizio vya bidhaa kabla ya kuhamisha." Ni kweli, kila neno. Hakuna anayeweza kuipinga. Tatizo ni kwamba haimfundishi mtu kitu. Ukiuliza "kwa hiyo tufanye nini mara nyingine?" jibu pekee linalotoka humo ni "wakague", na watu hao walikuwa wamekagua kila kitu walichoambiwa wakague.

Iliyobaki kwenye ripoti inasomeka hivi: "Kigezo cha kukubali data kilikuwa idadi ya rekodi peke yake. Hakuna sharti lililotaka thamani ya akiba ilingane na leja, wala idadi ya mfumo ilingane na hesabu ya mkono kwenye rafu. Kigezo hicho kiliidhinishwa na meneja wa mradi katika hatua ya mpango." Meneja huyo ni mimi, na nimejitaja kwa sababu uidhinishaji ni hatua inayoweza kubadilishwa. Ona kwamba sentensi ya pili ni kali kuliko ya kwanza. Imetaja uamuzi, imetaja hatua ulipofanyika, imetaja kilichokosekana. Wanaodhani kutomlaumu mtu ni kulainisha maneno hawajajaribu kuiandika kwa uzito huo.

Kuna mtego upande wa pili. Ukikwepa majina ovyo unaishia kwenye "ilionekana inafaa", "ilikubaliwa kuendelea", "changamoto zilijitokeza". Hapo hakuna aliyefanya chochote, mambo yalijifanya yenyewe. Na cheo nacho hakifichi mtu kama unavyodhani. Timu yenye mtaalamu mmoja tu wa data, ukiandika "mtaalamu wa data" umeandika jina lake, na kila mtu ofisini anajua. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kukifanya kitu kilichoamuliwa kiwe kiima cha sentensi: kigezo, sharti, muhtasari wa kikao, kalenda. Mtu anatajwa pale tu anapokuwa na mamlaka ya kubadilisha kitu hicho, na mara nyingi huyo ni meneja au aliye juu yake.

Niseme kidogo kuhusu hesabu yenyewe, maana baada ya tukio wengi walisema, "Mngelinganisha tu thamani na leja mngeona." Si rahisi hivyo. Chukua mfano wa bidhaa mbili, tarakimu nimezirahisisha. Betri zimeandikwa 30, na kwa kweli ni katoni 30 za vipande 24, yaani vipande 720. Kipande kimoja kina thamani ya 500, kwa hiyo mali halisi ni 360,000. Mfumo mpya unasoma vipande 30, thamani 15,000. Pungufu ni 345,000. Kalamu nazo zimeandikwa 480, na ni vipande kweli, vya thamani ya 30 kila kimoja, jumla 14,400. Lakini kundi lao limepewa kizio cha katoni ya 24, kwa hiyo mfumo unaona vipande 11,520 vya thamani ya 345,600. Ziada ni 331,200.

Jumlisha zote mbili. Mali halisi ni 374,400, mfumo unaonyesha 360,600. Tofauti ni 13,800, chini ya asilimia 4. Mhasibu aliyezoea kupishana kwa ghala na leja anaweza kuiona tofauti hiyo akasema ni ya kawaida, bidhaa zilizovunjika na risiti zilizochelewa, na akasaini. Wakati huohuo hakuna mstari hata mmoja ulio sahihi. Makosa yamefichana: moja linavuta juu, lingine linavuta chini.

Kinachoyafichua ni kujumlisha tofauti za kila mstari bila kujali kama ni ziada au pungufu. Hapo unapata 676,200, karibu mara mbili ya mali yote iliyopo, na hakuna mhasibu atakayesaini. Kingine ni kuchukua hesabu ya mkono ya bidhaa kadhaa rafuni na kuigawa kwa idadi ya mfumo. Kupishana kwa kawaida hutoa majibu ya ovyo: 1.02, 0.97, 1.1. Ukiona majibu yanajirudia kwa 12, 24 au 48, au kwa 1/12, 1/24 au 1/48, huna haja ya kuuliza zaidi. Hiyo ni katoni inayosomwa kama kipande, au kinyume chake. Zoezi hili kwa bidhaa chache zinazotembea sana na chache za thamani kubwa ni kazi ya siku moja. Halikuwa kwenye mpango.

Kwa nini halikuwa kwenye mpango? Hapa ndipo ripoti nyingi husimama na kusema "uzembe" au "uzoefu mdogo", na hapa ndipo mimi naona kazi inaanza.

Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba watu wakishajua tukio liliishaje, huliona lilikuwa dhahiri tangu mwanzo, na hawatambui kwamba kulijua tukio ndiko kulikobadilisha macho yao. Kwa ripoti ya mradi maana yake ni ya moja kwa moja. Ukiwahoji watu baada ya kuanguka, kila mmoja atakuambia kwa nia njema kwamba alikuwa na wasiwasi. Kwa hiyo nilianza na maandishi kabla ya mahojiano: barua pepe, mihtasari ya vikao, matoleo ya mpango, kila kimoja kikipangwa kwa tarehe. Kisha kwa kila uamuzi nikajiuliza, siku ile mezani kulikuwa na nini?

Kilichopatikana humo kilinishangaza zaidi ya kuanguka kwenyewe. Katika kikao kimoja cha mapema mtunza ghala alisema, "Bosi, katoni na vipande vimechanganyika humo, mtaviangalia?" Muhtasari uliandika: "Suala la vizio litafuatiliwa." Halikupewa mtu wala tarehe. Kikao kilichofuata kilikuwa na ajenda yake, na orodha ya mambo ya kufuatilia ilikuwa ikichukua tu yale yenye mwenye kazi. Sentensi isiyo na mwenyewe haikuwa na mlango wa kuingilia kwenye orodha. Nani alaumiwe hapo? Mtunza ghala alisema. Mwandishi aliandika. Timu ya data ilifanya kazi iliyokuwa kwenye orodha. Ukimtafuta mzembe utampata, kwa maana mzembe hupatikana kila anapotafutwa, lakini orodha ile itabaki na tundu lake na mradi ujao utapitia humohumo.

Mfano mkubwa wa jambo hili unajulikana, na ni bahati mbaya tu kwamba nao ni wa vizio. Chombo cha NASA cha Mars Climate Orbiter kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika kwenye sayari ya Mars. Programu moja ya ardhini ilitoa matokeo kwa vizio vya pauni huku wapokeaji wakiyasoma kama vizio vya nyutoni, tofauti ya mara 4.45. Chombo kilipita chini mno, kwenye hewa ambayo hakikutengenezwa kuihimili. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha mhandisi aliyesahau kubadili vizio. Bodi ya uchunguzi haikuishia hapo. Iliuliza kwa nini kosa lile halikunaswa kwa miezi yote ya safari, ikakuta kwamba waongozaji wa chombo walikuwa wameona mambo yasiyolingana, lakini wasiwasi wao haukupitia utaratibu rasmi wa kuripoti hitilafu. Ulizunguka kwenye barua pepe tu. Jina la aliyeandika programu halingemsaidia mtu yeyote kurusha chombo kinachofuata. Habari za njia ile isiyopitiwa zingemsaidia.

Sitaki nieleweke kwamba kila kitu husamehewa kwa kuitwa mfumo. Mtu akighushi matokeo ya jaribio au akiiba, hilo lina njia yake ya kinidhamu na halistahili kuchanganywa na ripoti ya mafunzo. Ukilichanganya, watu wasio na hatia wataanza kuisoma ripoti kama hati ya mashtaka, na mahojiano yajayo yatakuwa ya kimya. Ila katika mradi wangu hapakuwa na kitu cha aina hiyo, na nadhani katika miradi mingi iliyofeli hakipo.

Jambo la pili lililotuangusha lina sura nyingine, na ni gumu kuandika kwa uaminifu kwa sababu linahusu uamuzi wa kuendelea. Siku chache kabla ya kuwasha mfumo, mafunzo ya watumiaji yalikuwa hayajakamilika na jaribio la mwisho lilikuwa limefanywa kwa sampuli, si kwa data yote. Kila mtu kwenye kikao alijua. Tukaendelea. Leseni ya mfumo wa zamani ilikuwa inakaribia kwisha, mtoa huduma alikuwa ameleta watu wake, na tarehe ilikuwa imeshatangazwa kwa wateja.

Mtafiti wa tabia za watu kazini Barry Staw aliandika mwaka 1976 kuhusu watu wanaozidi kutia fedha kwenye jambo linaloharibika, hasa pale wao wenyewe ndio walioanzisha uamuzi wa kwanza. Swali la "tuendelee au tusimame" lilipoulizwa kwenye kikao chetu, waliokaa mezani walikuwa walewale walioipanga tarehe. Sisemi kwa kuwasuta, nami nilikuwa mmoja wao. Nasema swali hilo liliulizwa kwa watu wasiofaa, kwa siku isiyofaa, bila kipimo. Likiulizwa hivyo jibu lake huwa linajulikana kabla ya kikao kufunguliwa.

Kilichotakiwa ni masharti yaliyoandikwa mapema, wakati hakuna aliyechoka wala aliyeahidi kitu: data yote imepita jaribio moja kamili, jumla ya tofauti bila kujali alama iko chini ya kiwango kilichokubaliwa na uhasibu, na tumejaribu kurudi nyuma tukiwa na miamala ya siku nzima ndani ya mfumo mpya. Sharti moja lisipotimia, tarehe inasogea bila mjadala, na mwenye kuangalia ni mtu ambaye mradi haumhusu. Hilo la mwisho hupingwa sana. Watu husema mgeni hataelewa. Lakini masharti yakiandikwa vizuri hahitaji kuelewa mradi, anahitaji kusoma namba na kusema zimefika au hazijafika.

Kabla ya kuitoa ripoti niliwapa wote waliotajwa humo, hata kwa kazi zao tu, waisome sehemu zao. Utaratibu ulikuwa kwamba mtu anaweza kusahihisha ukweli na kuongeza alichokijua siku ile, ila hawezi kuondoa uamuzi uliothibitishwa na maandishi. Marekebisho yaliyorudi yaliifanya ripoti kuwa kali zaidi, kinyume na hofu ya wengi. Mmoja aliongeza kwamba sampuli ya jaribio ilichaguliwa kutoka kwenye kundi lililokuwa safi, kwa kuwa ndilo lililokuwa tayari wiki ile. Hakuna muhtasari uliolitaja hilo, na bila yeye nisingelijua kamwe. Asingelisema kama rasimu aliyoishika mkononi ingekuwa ile yenye "timu ya data haikukagua".

Mapendekezo yalianza yakiwa ukurasa mzima. "Kuboresha mawasiliano", "kushirikisha watumiaji mapema", na mengine ya aina hiyo ambayo hayajawahi kubadilisha kitu popote. Niliyafuta yote ambayo hayangeweza kujibiwa ndiyo au hapana baada ya miezi mitatu. Yakabaki mawili: masharti ya kuwasha mfumo yaambatane na mpango siku unaposainiwa, na muhtasari wa kikao usipitishwe ukiwa na jambo la kufuatilia lisilo na mtu na tarehe. Yana wenyewe, yana siku ya kukaguliwa.

Kuna swali moja nimeliacha wazi kwenye ripoti na sijapata jibu lake. Mfumo wa zamani, pamoja na "CTN/24" zake, ulifanya kazi kwa sababu watunza ghala waliujua kwa moyo. Hata data ingehamishwa bila kosa, ujuzi huo wao ungeingizwa wapi kwenye mfumo mpya, na kwa gharama gani? Makadirio ya mradi hayakuwa na mstari wa kazi hiyo. Nimezungumza na mameneja wengine waliohama mifumo ya aina hii, na kwenye makadirio yao nako mstari huo haukuwepo.